Mshahara wa Mama wa Masijala

Nimefanya kazi sehemu nyingi na kote nimeondoka kabla sijachokwa. Lakini pale hospitali ya misheni, mpakani mwa Ngara na Biharamulo, ndipo ninapoparudia kila usingizi unapokataa. Nilikuwa karani wa masijala. Tulikuwa wawili, mimi na mama mmoja wa Nyabusozi, aliyeletwa kazini akiwa msichana, vijiji vya ujamaa vikiwa bado vipya. Alibakiza miaka michache kustaafu, na mjukuu aliyekuwa anamlea ndiyo kwanza ameanza sekondari.

Chumba chetu kilinukia karatasi na dawa ya mende. Kadi za zamani zaidi zilikuwa za manila. Za miaka ya vita zilikatwa kwenye maboksi ya dawa, kwa sababu wakati ule karatasi haikupatikana. Ukigeuza kadi ya mtu unakuta nyuma yake maneno ya kiwandani yaliyokatwa katikati. Mama alikuwa anazipangusa kwa upindo wa kitenge kama anavyompangusa mtoto makamasi.

Kisha ukaja mradi wa kompyuta. Wafadhili walikubali kulipa mara moja tu: vifaa, leseni za programu, mafunzo, na kuhamisha taarifa kutoka kwenye kadi. Kampuni ya Mwanza ilileta makisio yake, na mwishoni ukakaa mstari mmoja ambao wafadhili hawakuugusa: msaada wa kiufundi, kila mwaka, asilimia ishirini ya bei ya leseni. Huo, waliandika, hospitali ijitegemee. Neno hilo sisi tulilelewa nalo.

Sista mhasibu alituita ofisini kwake. Mganga mfawidhi, daktari wetu mkuu, alikuwepo, amekaa pembeni anachezea kalamu.

“Nawaambia wenyewe kabla hamjasikia kantini,” alisema Sista. “Programu ikishaanza, masijala haitahitaji mshahara wa watu wawili. Kwenye rasimu hii, hata wa mmoja haubaki. Msaada wa kila mwaka unaimeza yote miwili.”

Mama aliuliza, “Huyo wa msaada anakula nini, Sista, mpaka amalize mishahara miwili?”

Daktari alicheka, kisha akajuta. Mama mwenyewe hakucheka. Alikunja mikono mapajani, akasema kama ni hivyo basi apewe muda amwandikie mwanawe aliyeko Kahama kuhusu ada ya mtoto.

Sista hakuwa mtu wa kubembeleza, ila siku zile alianza kutembea wodini na saa yake ya mkono. Nilimkuta maabara, nikamkuta famasia, nikamkuta dirisha la malipo, anatazama tu. Baadaye alipiga simu Mwanza mbele yetu.

“Kijana, umeniandikia leseni tisa. Umehesabu watu au umehesabu viti?”

Kijana alijibu kwamba amehesabu watumishi watakaotumia programu.

“Watumishi wangu wanaingia zamu. Wa usiku akikaa, wa mchana kalala. Mnayo leseni ya kuhesabu wanaoingia kwa wakati mmoja?”

Akasema ipo.

“Basi saa yenye foleni kubwa kuliko zote ninavyo viti vitano. Mapokezi, daktari, maabara, famasia, malipo. Andika tano. Na asilimia yako uikate hapo hapo.”

Leseni zilipopungua, na msaada wa kila mwaka ukapungua nao. Sista alipiga hesabu upya, akavua miwani.

“Mshahara mmoja unabaki,” alisema. “Mmoja.”

Hakututazama. Mama naye alinitazama mimi. Nilijua anawaza kwamba mimi ni kijana, nina kidato cha nne, kompyuta nitaijua kwa wiki moja. Kila mtu mle ndani alikuwa anawaza hivyo.

Nilisema mimi nitaondoka. Nilisema miguu yangu ilikuwa inawasha tangu kiangazi kilichopita, jambo ambalo lilikuwa kweli. Kila basi la Kahama lilipopita barabarani nilikuwa nalisindikiza kwa macho.

“Usinifanye ombaomba,” Mama alisema tulipotoka nje. “Mimi nimezika mume, sitashindwa kulima.”

“Mama, wewe mwenyewe ulisema mimi sikai. Ulisema nikioa, mke wangu atafunga mlango kwa kamba.”

“Nilisema. Sikukutuma uthibitishe.”

Akatangulia kurudi masijala.

Kumbe bado tulikuwa na kazi ya pamoja. Kijana wa Mwanza alikuja kujaribu uhamishaji kwa rafu moja tu ya kadi kabla ya kuhamisha zote. Aliiagiza programu kwamba kadi mbili zenye jina moja na kijiji kimoja ni mtu mmoja aliyepoteza kadi, iziunganishe. Alifurahi sana kuona watu wamepungua. Daktari akaomba atafute kadi yake mwenyewe, aliyotibiwa utotoni, kwa fahari ya kuwa wa kwanza.

Daktari alisoma hadi mwisho. Kisha akasema, “Sista, inaonekana nimejifungua mara tatu.”

Daktari ni mwanamume, ila ni pacha. Huku kwetu mtoto hachukui jina la ukoo wa baba. Kila mmoja ana lake. Lakini nyumba yoyote ikipata pacha, wa kwanza anapewa jina lile lile wanalopewa wa kwanza wa nyumba zote, na wa pili vivyo hivyo lake, awe wa kike au wa kiume. Na watu walipokusanywa vijijini, vilima vingi viliandikwa kijiji kimoja. Programu ilikuwa imewakusanya pacha wote wa vilima vile wenye jina la daktari wakawa mtu mmoja mwenye kifaduro, mimba na ngiri. Sote tuliyajua hayo tangu kuzaliwa, na hakuna aliyekumbuka kuyasema bajeti ilipoandikwa.

Ikabidi fungu la kuhamisha taarifa liongezwe. Kila kadi isomwe na mtu, na liongezwe jina la mama mzazi na kilima alichotoka. Hiyo ilikuwa kazi ya mara moja, wafadhili wakakubali. Sista akauhamishia mshahara wangu kwenye fungu hilo mpaka kadi zitakapokwisha. Mama alisoma, mimi nikachapa. Kila kadi tuliyoimaliza ilinisogeza karibu na barabara, naye alijua, akaanza kusoma polepole. Akifika kwenye kadi za maboksi alisimama kabisa, anieleze huyu alikuwa nani, alihama lini, nani alimbeba hadi hospitali kwa machela.

Mafunzo yalifanyika pale pale, mezani kwake. Sista alikataa kupeleka watu wawili Mwanza ili warudi kufundisha wenzao. Alisema anayerudi na cheti hafundishi. Mama alijifunza kwa kidole kimoja, anaitafuta kila herufi kama mtu anayechambua maharage.

Asubuhi ya kuondoka nilipita na begi langu dirisha la mapokezi, alikokaa Mama sasa na kompyuta yake. Foleni ilikuwa imeshaanza, nikasimama ndani yake. Zamu yangu ilipofika nilimwamkia.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Jina?”

Nilimtajia. Akachapa. Akaniuliza jina la mama aliyenizaa, na kilima, vyote akivijua. Nyuma yangu mzee mmoja alianza kukohoa kwa makusudi. Mama hakuharakisha. Aliitazama skrini mpaka jina langu lilipotokea, akatikisa kichwa kuridhika.

“Unaumwa nini?”

“Siumwi.”

“Basi unanizuilia wagonjwa,” alisema, akapenyeza mkono chini ya kioo, akanishika vidole, akavishikilia huku akimwita mzee asogee.