Siku Niliyokausha Tumbo

Jirani yangu, jina lake Sikudhani, ni mhudumu wa afya wa kitongoji chetu, hapa karibu na Mgori. Analima alizeti, anafuga kuku, mume wake ni fundi baiskeli. Zamani tulikuwa tunasalimiana tu. Mwaka huu nilimjua zaidi.

Mke wangu Magdalena alifariki mwezi wa tatu. Elisha, mtoto wetu, yuko Manyoni. Nakaa peke yangu.

Jumatatu alfajiri nikaanza kuharisha maji matupu. Kisha nikatapika. Nilichokunywa kilirudi, nikaacha kunywa. Wazee wetu walisema tumbo likiharisha unalikausha. Nikalikausha, siku nzima na usiku wake.

Jumanne kuku wangu hawakufunguliwa. Sikudhani akipita aliwasikia wanapiga kelele bandani, na jua liko juu.

"Hodi! Shikamoo, baba."

Niliguna tu kitandani. Akaingia.

"Baba Elisha! Umekojoa lini?"

"Swali gani hilo kwa mtu wa umri wa baba mkwe wako?"

"Mkwe gani? Jibu!"

Jana asubuhi, nikamwambia. Nikajaribu kuketi, dunia ikazunguka. Alinifinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama kama turubai. Akaniangalia macho, akasema yameingia ndani.

"Kwa nini hukunywa?"

"Nakausha."

"Unajikausha wewe, baba!"

Akampigia simu Miraji wa bodaboda. Akanawa mikono kwa sabuni, akapekua mkoba wake. Pakiti za dawa ya kuongeza maji zilikuwa zimemwishia. Kwenye sufuria kulikuwa na maji niliyochemsha Jumapili, yamefunikwa. Akapima chupa mbili za nusu lita, hiyo lita moja. Sukari, vijiko sita vya chai. Chumvi, nusu kijiko. Kila kijiko alikisawazisha kwa kisu. Kijiko kilikuwa cha Magdalena. Mimi sikuwahi kujua kinakaa wapi.

Alionja kwanza. "Chumvi isizidi ya machozi."

Hiyo naijua.

Akaninywesha kidogo kidogo kwa kijiko. Nikatapika.

"Unaona? Yanarudi," nikasema.

"Tunasubiri dakika kumi, tunaanza tena. Polepole zaidi."

Tukaanza tena. Yakakaa.

"Basi nipe hayo, nilale."

"Hulali. Umelegea, hukojoi, macho hayo. Haya si ya nyumbani tena, unahitaji dripu."

Miraji alipofika tulipanda pikipiki mshikaki, watu watatu, mimi katikati, chupa mkononi mwake. Kila Miraji alipopunguza mwendo, kijiko. Kichwa kikianguka mgongoni kwa Miraji, Sikudhani ananifinya. "Usinilalie hapa, mzee!"

Zahanati walinitundikia dripu, ya kwanza ikaenda mbio. Mganga akasema ningechelewa hadi jioni angeandika cheti cha kifo, si dripu. Sikudhani alikaa mpaka saa kumi, akaenda kufungua kuku wangu.

Jua lilipozama nikakojoa. Mkojo mwingi, mweupe. Nesi akacheka, akaandika. Akanipa pakiti za kwenda nazo, akasema nyumbani ninywe kikombe kila nikiharisha, na chakula nisiache.

Nikarudi kesho yake kwenye nyumba tupu. Nilitaka kumwambia mtu kwamba nimekojoa.