Jina Juu ya Barua

Tangu katikati ya Februari, Adwoa Frema hakuweza kumaliza mshono mmoja bila kuinua macho juu. Vumbi la kiangazi lilikuwa bado limetanda Kumasi nzima, mbinguni hakuna hata wingu la kusingizia, lakini yeye alikuwa na shughuli na lile doa la kahawia kwenye boriti ya paa. Kila alipolitazama aliliona limekua. Halikuwa limekua. Alishalipima mara mbili kwa futi yake ya kushonea.

Msimcheke. Mwaka uliopita mvua ya kwanza ya Machi ilipenya kwenye bati bovu ikadondokea gauni jeupe la bi harusi, nalo likapata madoa ya kutu kifuani. Bi harusi alilia, mama yake akatukana, na wanawake wa kanisa lile wote wakahamia kwa fundi mwingine. Adwoa alikuwa mjane, na chumba hicho kimoja ndicho kilichokuwa kulala kwake na kazi yake. Gauni la pili likiharibika, asingepata tena mteja. Wala kuhama asingeweza, maana kodi ya miaka miwili alishailipa mbele, kama wapangaji wote wa mji ule.

Kusema alishasema mpaka akachoka. Yaw Brefo, aliyekaa chumba cha mbele na kupokea kodi tangu baba yake afariki, alikuwa na jibu moja tu: "Wiki ijayo, Dada Adwoa." Basi akaenda kwa Mzee Takyi, karani mstaafu wa mahakama, aliyekaa na taipureta yake chini ya mwavuli karibu na posta.

"Unataka barua ya upole au ya meno?" Mzee Takyi akauliza.

"Ya upole, Mzee. Mimi nalala kwenye nyumba yake."

"Mwenye nyumba nani?"

"Yaw Brefo," akajibu bila kufikiri. Si ndiye anayempa kodi?

Ikatoka barua tamu kweli. *Kwa Bwana Yaw Brefo, Mwenye Nyumba. Mheshimiwa, kwa unyenyekevu mkubwa naomba kukujulisha kwamba paa la chumba changu linavuja juu ya meza ya kushonea. Nitashukuru sana likitengenezwa, kwa hisani yako, kabla ya mvua za Machi.* Adwoa akatia sahihi, akabaki na nakala, akaenda zake moyo mwepesi.

Yaw aliisoma amesimama uani. Akaisoma tena. Uso ukamng'aa kama mtu aliyetangaziwa kazi serikalini. Kesho yake asubuhi fundi Baidoo alikuwa juu ya paa na nyundo, na Adwoa akajilaumu kwa miezi yote aliyopoteza akiomba kwa mdomo.

"Dada, tundu haliko juu ya meza yako," Baidoo akasema kutoka juu. "Liko huku, karibu na mgongo wa paa. Maji yanafuata boriti, yanakuja kudondokea kwako." Akang'oa bati mbili zilizooza, akaziangusha uani. Jua likaingia chumbani.

Kabla mpya hazijapanda, Anane akaingia langoni na wajomba wawili.

Anane alikuwa mpwa wa marehemu baba yake Yaw, mtoto wa dada yake, na kwa Waashanti mali ya mwanamume hufuata watoto wa dada yake. Yaw alidai kwamba baba alijenga kwa pesa zake mwenyewe, na sheria za siku hizi zinawakumbuka watoto. Anane alidai kwamba nyumba ilijengwa kwa kakao ya shamba la ukoo. Kesi ilikuwa mahakamani mwaka wa pili. Adwoa aliyajua yote hayo, uani yalizungumzwa kila siku. Hakuwahi tu kufikiri kwamba yanaweza kuingia kwenye barua ya bati.

"Wewe juu, shuka!" Anane akafoka. "Atakayepigilia msumari hapo anajitangaza mwenye nyumba!"

"Mwenye nyumba nimeshatangazwa," Yaw akasema akicheka. "Na mpangaji, kwa maandishi. Barua iko kwa wakili."

Anane akamgeukia Adwoa. "Kumbe wewe ndiye unayegawa nyumba za watu kwa taipureta!"

"Kaka, mimi nimeomba bati tu."

"Bati! Umempa nyumba nzima!"

Baidoo akashuka, akakusanya nyundo zake. Ugomvi wa ukoo si wake. Zile bati mbili zikabaki zimelala uani, na juu ya chumba ikabaki mbingu.

Siku zilizofuata zilikuwa mateso. Adwoa alifunga karatasi ya nailoni kwenye boriti, upepo ukaifungua, akaifunga tena. Vitambaa vya watu alivihamisha kitandani, akavihamisha chini ya kitanda, akavirudisha. Alishona mkono wa gauni nje ndani, akaufumua akilia kwa hasira. Upande wa kusini mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya kila alasiri.

Siku ya tano Anane akarudi peke yake, na safari hii anatabasamu. Alikuwa na barua, karatasi ileile na taipureta ileile ya Mzee Takyi. Maneno yote yaleyale ya unyenyekevu, ila juu imeandikwa *Kwa Bwana Anane, Mwenye Nyumba*.

"Tia sahihi tu, dada yangu. Kesho fundi yuko juu."

Kalamu aliishika. Ukweli usemwe, aliishika, na ncha ikagusa karatasi. Ngurumo ya kwanza ya mwaka ikasikika mbali. Akafikiria gauni la yule bi harusi, akafikiria pia kwamba Yaw naye angemjia na barua ya tatu. Akairudisha kalamu.

"Kwanza nina vipimo vya kuchukua mahali," akasema, akabeba futi yake na ile nakala ya barua ya kwanza, akatoka.

Alikwenda kwa Nana Pokuaa, mama mkuu wa ukoo, mamake Anane na shangazi yake Yaw. Hakuna kati ya wale wawili aliyethubutu kuketi mbele ya bibi huyo bila kuambiwa. Nana Pokuaa hakujua kusoma, akamwamuru amsomee ile nakala.

"Umeomba vizuri," akasema ilipokwisha. "Kosa lako ni jina. Ungesema na mimi."

"Nilidhani ni jambo la paa, Nana."

"Kwetu hakuna jambo la paa tu."

Akawaita wote wawili alasiri ileile, akaja uani na fimbo yake. "Nyumba itaamuliwa na mahakama," akasema. "Bati naamua mimi. Yaw, lete misumari. Anane, shika ngazi. Na hakuna atakayeandika popote kwamba yeye ndiye aliyetengeneza."

Baidoo, aliyeitwa tena, alipigilia msumari wa mwisho matone yakiwa tayari yanagonga bati. Adwoa alisimama ndani na beseni mikononi, akilisogeza huku na huku chini ya doa, mpaka mvua ilipokwisha na beseni likabaki kavu. Hapo akaketi sakafuni, akalia vizuri.

Asubuhi Yaw akabisha hodi. "Dada Adwoa, ni ustaarabu kuandika shukrani. Mistari miwili tu." Hajaondoka langoni, Anane akatokea na ombi lilelile, na karatasi mkononi.

Adwoa akajifunga kitambaa chake kizuri, akanunua mayai, akaenda kwa Nana Pokuaa kushukuru kama ilivyo desturi. Njiani alipita kwa Mzee Takyi, ambaye tayari alikuwa ameingiza karatasi kwenye taipureta.

"Barua ya shukrani? Nianze na jina gani?"

"Ondoa karatasi yako, Mzee," akamwambia bila kusimama. "Hii nakwenda kuisema kwa mdomo."