Kifurushi cha Harusi cha Ketaki

Ketaki Barve alikuwa mwandishi wa matangazo katika duka la uchapaji la Hasmukh, mjini Indore, India. Msimu wa harusi ulipokaribia, bosi alimtaka awaandikie wafanyabiashara wa harusi tangazo la kifurushi: kadi za biashara, bango na vipeperushi, vyote kwa bei moja iliyopunguzwa.

"Fupi," alisema Hasmukh. "Watu hawasomi, wanapapasa simu tu."

Ketaki akaandika: "Wapishi, wapiga picha na wapambaji! Kifurushi kimoja, bei moja. Mwisho Jumamosi." Vitu vyenyewe vilionekana kwenye picha ya tangazo. Akatuma, akaenda kula poha, mchele bapa wa kukaangwa.

Kumbe watu walinakili maneno tu wakayasambaza, wakaiacha picha. Aliporudi, simu ya duka ilikuwa haiishi kuita.

"Mwanangu anaoa," mama mmoja alisema. "Nipe mpishi, mpiga picha na mpambaji kwa hiyo bei. Na huyo mpishi asizidishe chumvi kama wa shemeji yangu."

"Mama, sisi tunachapa kadi."

"Kadi tunazo, binti yangu. Niletee watu."

Mwingine akataka mpiga picha asiye na kitambi, maana yule wa mwaka jana alimziba bibi harusi. Hasmukh alikuwa amejishika kichwa. "Ketaki, umeuza binadamu!"

Ketaki alitaka kulia, kikamtoka kicheko. Kikamwambukiza Hasmukh, wakacheka hadi mashine ikasimama kwa kukosa karatasi.

Ndipo wakaingia wateja watatu wa zamani wa duka, wamefura kwa hasira baada ya kuona tangazo: Girdhari mpishi, Nilesh mpiga picha, na Shabnam mpambaji.

"Dada, nani kakuruhusu kutuuza kwa jumla kama vitunguu?" akauliza Girdhari.

"Sijawauza, kaka. Nimekosea kuandika. Ila hawa wanaopiga simu ni watu kweli, na harusi zao ni za kweli." Akamkabidhi simu iliyokuwa ikiita.

Girdhari akasikiliza. Uso ukalainika. "Ndiyo, mama. Chumvi ya kiasi. Mpambaji? Yupo hapa hapa." Akamtazama Shabnam, naye Shabnam akamtazama Nilesh, ambaye alikuwa akivuta tumbo ndani.

Hawakuondoka mpaka wamepatana bei ya kazi ya pamoja, bei yao wenyewe, na Ketaki akawapigia wote waliouliza kuwaeleza kosa na bei halisi. Wengine walinung'unika, wengi wakakubali. Watatu hao wakanunua kifurushi cha uchapaji, bango moja lenye majina yao yote.

Tangazo jipya lilianza hivi: "Wewe ni mpishi, mpiga picha au mpambaji? Tunakuchapia kadi, bango na vipeperushi." Kabla ya kulituma, Ketaki alimsomea mama yake kwa simu bila picha.

"Umeelewa tunauza nini?"

"Makaratasi," alijibu mama. "Lakini lile la kwanza lilikuwa tamu zaidi. Hata mimi niliwatumia majirani."