Mtamba wa Swali la Nne

Nilifeli mtihani wa mikataba kwa sababu ya ng'ombe.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili wa sheria, miaka ya tisini, chuoni Dar es Salaam. Swali la nne lilikuwa fupi. Mfugaji amekubali kumuuzia jirani yake mtamba mmoja, mweusi, mwenye baka jeupe pajani. Bei wamekubaliana, siku ya kukabidhiana wamepanga. Siku inafika, muuzaji anagoma kumtoa zizini kwa sababu ametokea mtu mwenye dau kubwa zaidi. Mshauri mnunuzi: anaweza kuomba nini mahakamani?

Lilikuwa kwa Kiingereza, lakini yule mtamba mimi nilimwona kwa Kisukuma. Sisi ni watu wa ng'ombe. Babu aliwaswaga kutoka kaskazini hadi wilaya ya Mpanda, na baba akaweka boma upande wa Sibwesa. Kwetu mtamba ni mtoto wa ng'ombe fulani, mjukuu wa fulani. Ukimchagua, umechagua maziwa ya bibi yake na upole wa mama yake. Nikaandika kurasa nne kwamba mahakama imlazimishe muuzaji amtoe mtamba yuleyule, na kwamba kabla ya hukumu itolewe amri ya zuio asimuuze kwa mwingine. Fidia ya fedha niliipa mistari mitatu. Nilitoka kwenye ukumbi nikiwa na furaha, jambo ambalo kwangu ni nadra. Huwa natoka nikihesabu makosa.

Nilipata F. Hiyo ilimaanisha mtihani wa marudio baada ya likizo ndefu, na nikifeli huo, chuo basi.

Nikaenda ofisini kwa mwalimu wa somo, mama mmoja mpole aliyekuwa akitazama juu ya miwani. Alikuwa na kitabu changu cha majibu mezani.

"Huyu ng'ombe ana nini ambacho mwingine hana?" aliniuliza.

"Ana mama yake, Mwalimu."

Alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka. Akaivaa tena, akasema taratibu:

"Sikiliza, baba. Unaanza na fidia. Bei ya sokoni siku aliyopaswa kukabidhiwa, ukitoa bei waliyokubaliana. Akipewa hiyo tofauti, si anaweza kwenda mnadani akanunua mtamba mwingine?"

"Anaweza."

"Basi fedha zinatosha. Na zikitosha, mahakama haimlazimishi mtu kutoa kitu chenyewe. Zuio nalo vilevile, litatolewa kama hasara haifidiki kwa fedha. Kama swali lingesema ni mbegu adimu isiyopatikana kokote, ningekusikiliza. Swali limesema mtamba. Hayo ya bibi yake na upole umeyaleta wewe."

Mwenzangu wa chumbani, Mhehe, alinisubiri mlangoni kusikia. Nilipomweleza akajitupa kitandani. "Msukuma bwana! Watu wanamshauri mnunuzi, wewe ukataka kumuoa mtamba!" Utani wake nilikuwa nimeuzoea, ila siku ile ulinikaa moyoni. Usiku nilijiuliza kama nilikuwa mjinga au kama nilikuwa sahihi mahali pasipofaa, na kati ya hayo mawili ni lipi baya zaidi.

Likizo nilikwenda nyumbani na begi la vitabu. Garimoshi hadi Tabora, kisha Mpanda, kisha lori. Wiki tatu nilikariri chini ya paa la bati nyumbani kwa baba: fidia kwanza, mengine baadaye. Baba alikuja akakaa kwenye kigoda, akataka kujua nilifeli nini hasa. Nilijaribu kumkwepa lakini alikaa tu, akingoja. Nikamweleza swali lote.

"Kwa hiyo," alisema, "nimekwenda kwa mtu, nimemchagua mtamba, tumekubaliana. Akinikatalia, hakimu ananipa hela?"

"Tofauti ya bei, baba. Halafu unanunua mwingine."

"Wapi?"

"Mnadani. Kibaoni, au popote."

"Yule mwingine ni nani?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mtamba tu, baba. Wa umri uleule, wa afya ileile."

"Ng'wanawane," alisema, neno letu la mwanangu, "walimu wako wana ng'ombe?"

"Sijui."

"Na wewe siku hizi unao?"

Nilipaswa kusema kwamba hiyo ndiyo sheria, kwamba mimi nataka tu kufaulu. Badala yake nikarudia, kama kasuku, kwamba mnunuzi ana wajibu wa kupunguza hasara yake mwenyewe. Baba akainuka, akaenda zizini. Jioni ile hakuniita kwenda kuwatazama wakirudi, kama alivyokuwa akifanya tangu nikiwa mdogo. Mama aliniambia baba amechoka. Nililala nikipanga maneno ya kumwomba radhi, kisha nikapanga maneno ya kumthibitishia kwamba hakukuwa na kosa la kuombea radhi. Siku ya kuondoka tulipeana mikono tu.

Mtihani wa marudio tulikuwa watu saba kwenye chumba kikubwa. Swali la kwanza: mfanyabiashara amekubali kuuza mahindi yaliyomo ghalani, magunia yote, kwa mtu mwenye mashine ya kusaga. Bei ya mahindi imepanda, muuzaji amegoma kufungua ghala na anataka kumuuzia mwingine. Mshauri mnunuzi.

Mkono uliandika wenyewe. Mahindi ni mahindi. Fidia inatosha. Nilifika mwisho wa ukurasa wa pili nikiwa na amani, na amani hiyo ikanitia wasiwasi. Nikarudi kusoma swali. Mstari wa mwisho, niliokuwa nimeupita mbio, ulisema kwamba ulikuwa mwaka wa njaa na hakukuwa na mahindi mengine ya kununua wilayani.

Nilikaa dakika kumi bila kuandika. Kama nimeongeza tena mambo yangu, nimekwisha. Lakini safari hii mambo hayo yalikuwa yameandikwa na mtunga swali. Nikaweka kidole juu ya mstari nikausoma mara tano kuhakikisha haupo kichwani mwangu tu. Kisha nikazifuta kwa mstari kurasa zote mbili. Nikaandika kwamba ukimpa mtu tofauti ya bei ya soko mahali pasipo na soko, hujampa kitu. Kwamba magunia ya ghala lile yalijulikana kuwa ndiyo yaliyouzwa, yote. Na kwamba mahakama ingeweza kumzuia muuzaji asiyaondoe hadi kesi isikilizwe, na hatimaye kumwamuru akabidhi, ingawa hiyo ni hiari ya mahakama. Kengele iligongwa sijamaliza kueleza fidia.

Majina hayakubandikwa, ni namba tu. Yangu ilikuwa na C. Mhehe alinibeba begani hadi bwenini, na mimi nikiwa huko juu nilikuwa nawaza kama wamekosea namba.

Niliandika barua nyumbani. Kwa baba nilieleza swali la ghala, kirefu kuliko ilivyohitajika, na nilichomshauri mnunuzi. Nilitumaini ataelewa bila mimi kusema. Jibu lilichukua mwezi na nusu, kwa mwandiko wa mdogo wangu wa kike. Walikuwa wazima. Mvua zilichelewa. Mwishoni kulikuwa na mstari mmoja: baba anauliza, yule mtu alipewa mahindi yake?

Nilikaa na barua ile kitandani. Maswali ya mtihani hayana hukumu. Yule mtu bado amesimama mbele ya ghala lililofungwa, na sisi tumeshapewa alama zetu. Nilianza kumwandikia baba hivyo, nikaona atadhani namdhihaki. Nikaanza tena, nikaandika kwamba alipewa. Huo nao ulikuwa uongo. Barua zote mbili nilizichana, na hadi namaliza chuo sikuwa nimemjibu.