Bei ya Jirani

Miaka ile watu walikuwa wakijiunga katika vikundi kununua mashamba ya wazungu waliokuwa wakiondoka, mimi nilikuwa mwalimu wa biashara ndogo mjini Eldoret. Darasa letu lilikuwa ukumbi wa kanisa, wanafunzi wangu wauza maziwa, wauza makaa na wenye vioski. Tulifunika madirisha kwa blanketi, nikawasha projekta, na ukutani ikatokea slaidi niliyoipenda kuliko zote: visanduku vinne, bidhaa, bei, mahali na kujitangaza.

Slaidi ile huwalaza watu usingizi usipoipa mfano. Basi nilimwomba mama mmoja, mjane aliyepika sabuni nyumbani kwake, asimame atusaidie. Alikuwa akichemsha mafuta ya ng'ombe na magadi makali ya dukani, akimimina kwenye kisanduku cha mbao, akikata miche na kuiacha majuma kadhaa ikomae. Alikuwa amejiandikisha kwenye kikundi cha shamba upande wa Ainabkoi. Asipomaliza kulipia hisa yake kabla ya kikundi kufunga orodha, nafasi ingepewa mwingine, naye arudi kwa kaka yake na watoto wake watatu. Hilo alilisema mbele ya darasa bila kulia.

Bidhaa haikuwa na shida. Niliponusa mche wake niliusifu kwa haki. Tulipofika kwenye bei, niliuliza anauzaje. Akataja bei, na darasa zima likaguna. Tulijumlisha magadi, kuni na jasho lake mwenyewe, ambalo hakuwahi kulihesabu kabisa, tukaona kila mche uliotoka nyumbani kwake ulikuwa ukimtia hasara.

"Mama, pandisha bei," nikasema.

"Siwezi, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Wenye kununua ni wamama wa ploti yetu, tunapanga ua mmoja. Hao ndio wananiletea mafuta wakichinja. Mzee alipofariki, walilala kwangu wiki nzima. Sasa niwaambie sabuni imepanda? Nitawaangalia na macho gani?"

Nilikasirika, nakiri. Nina hasira ya karibu, na huruma yangu hutokea mlango huohuo. Nikagonga kwa rula ukuta palipoandikwa bei, kana kwamba ukuta ungemsaidia. Muuza maziwa wa Kapseret ndiye aliyenyoosha mkono. Akasema yeye jirani humpimia kwa bei ya nyumbani, lakini maziwa ya mjini ni bei ya mjini, na hakuna aliyewahi kumnunia.

Hapo nikapoa, nikaona namna ya kufundisha. Nikawaonyesha kwamba visanduku vile havisimami kimoja kimoja. Ukibadilisha mahali, bei nayo inakubali kubadilika, kwa sababu mnunuzi ni mwingine na hana deni la wema na wewe. Wa ploti wabaki na bei yao, maana mafuta wanayoleta nayo ni sehemu ya malipo. Miche mingi iende sokoni, kwa bei inayorudisha gharama na kuacha faida. Isiwe ya chini mno pia, kwani sabuni rahisi sana mgeni huidhania inachoma mikono. Kujitangaza? Achukue ovaroli ya fundi wa trekta, ile nyeusi kwa oili, aifue mbele ya watu.

Siku ya soko nilikwenda, sikuweza kukaa nyumbani. Alikuwa ameinama juu ya karai, povu limejaa, ovaroli inaanza kurudi rangi yake. Watu walikuwa wamemzunguka wakitazama, wakiuliza bei, wakisogea kando. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Nilianza kujilaumu kwa kumpa moyo.

Ndipo wakaja wamama wa ploti yake, kundi zima, wamejifunga leso vizuri kama wanaokwenda kanisani. Yeye alipowaona aliishika miche akaifunika kwa mkono, aibu tupu. Yule mkubwa wao akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza viazi:

"Mama, sabuni ni ngapi?"

Akanong'ona bei ya nyumbani.

"Hiyo ni ya kwetu. Nimeuliza ya hapa."

Akaitaja, macho chini. Mama yule akalipa, akachukua mche wake, na wenzake wakapanga mstari nyuma yake. Alipotaka kuwaongezea kipande cha nyongeza, walikataa wote. Wageni waliokuwa wakisita wakaona foleni, nao wakaingia. Kufika mchana kisanduku chake cha sabuni kilikuwa kitupu.

Nilimkuta ameketi kando ya karai, analia sasa, mikono bado imejaa povu.

"Walijua pesa ni ya shamba," akaniambia. "Mwalimu, walijua nikipata shamba nitahama, niwaache. Na bado wakapanga laini."