Baba Mpya Kwenye Ripoti

Siku za kufunga skuli, kazi yangu ni kusoma maoni ya walimu kwenye ripoti za watoto kabla mwalimu mkuu hajatia saini. Skuli yetu ni ya kulipia, ipo Mji Mkongwe, na ripoti tunaziandika kwa Kiingereza, lugha ambayo kila sentensi inataka ijue mtoto ni wa kike au wa kiume. Mwalimu wa darasa la tano hilo halimshughulishi. Wavulana wake huwa wasichana mpaka mstari wa pili, kisha wakageuka. Nusu ya darasa wanasifiwa kwa kuongoza wenzao, na wamo humo, masikini, ambao hata kuitika "naam" wanaona haya.

Nilijua alichofanya, maana ndiyo kawaida yake. Huchukua maoni ya mwaka jana, akayabandika chini ya majina ya mwaka huu, akaiamrisha kompyuta ibadilishe majina ya zamani kwa mapya, kisha huyoo, anakwenda zake kunywa kahawa. Na mshahara tunapokea sawa.

Safari hii alipitiliza. Mvulana mmoja wa mwaka jana alikuwa na jina sawasawa na la baba wa msichana mmoja wa mwaka huu. Kompyuta haijui baba wala mwana, ilibadilisha kote, hata ndani ya jina la msichana. Msichana akabaki na jina lake, likifuatiwa na baba asiye wake. Na chini ikaandikwa: tunamshukuru baba yake kwa kumsimamia masomo ya nyumbani muhula huu.

Baba yake alifariki muhula huu huu. Sote tulikwenda hitimani, na yeye mwalimu alikuwamo, na alikula akashiba. Mama yumo edani, hatoki. Mchana ule mtoto angempelekea karatasi ile ndani, mama aisome peke yake.

Nikamfuata chumba cha walimu, nikamwonesha. Akacheka. Akasema hayo makosa ya kompyuta tu, na mama mwenyewe ana msiba, hatoshughulika kusoma. Astaghfirullahi, mkono uliniwasha. Nilimdharau siku zote, lakini siku ile nilimdharau mara mbili.

Nikalirudisha jina la marehemu mahala pake, nikafuta maoni yote, nikachapa karatasi upya ikiwa na nafasi tupu. Nikamwekea mbele, na kalamu juu yake.

"Andika sentensi mbili za mtoto huyu," nikamwambia. "Zake mwenyewe."

Akaitazama karatasi, akatazama dirishani, akajikuna shingo. Nilidhani anatafuta Kiingereza.

"Bi mkubwa," akaniuliza taratibu, "kwani huyu ndiye yupi?"

Nikamwambia ni yule anayembebea madaftari kila asubuhi, na kumwekea juu ya meza hiyo hiyo iliyo mbele yake.

"Aa, yule," akasema, akanisogezea kalamu niandike mimi.