Ini la Papa Sucré

Toka bandarini Kalemie mpaka ng'ambo ya daraja la Lukuga, watu walimwita Éliézer Kyungu "Papa Sucré", na yeye jina hilo alilipenda kuliko lile alilobatizwa. Sucré ni kinywaji chochote cha chupa chenye gesi na sukari, kile anachowekewa mtu mbele yake akishakataa bia. Na Éliézer alikuwa amekataa bia maisha yake yote.

Kisa chake kilianzia Nyunzu. Baba yake, mzee Kyungu, alikunywa lotoko, pombe kali ya kienyeji, mpaka macho yakawa ya njano na tumbo likajaa maji. Siku ya mwisho hakuwaomba watoto msamaha, aliomba kikombe. Éliézer, akiwa bado mwanafunzi, alisimama kando ya kaburi na kuapa kwamba pombe haitapita kinywani mwake. Viapo vya makaburini vingi huisha na matanga. Chake hakikuisha.

Alihamia Kalemie akawa deklaran, mtu wa kuwatolea wafanyabiashara mizigo yao forodhani pale maboti ya Kigoma yanapotia nanga. Kazi hiyo haifanywi kwa koo kavu. Mzigo ukitoka, watu wanakaa, chupa zinafunguliwa. Wenzake wakaagiza bia, yeye sucré. Wenzake wakaongeza, yeye akaongeza. Kwenye harusi sucré, kwenye kilio sucré, nyumbani jioni sucré na maandazi. Akanenepa, shati likamkaza tumboni, na watu wakamsifu: "Papa Éliézer, Mungu anakuonekania." Mke wake, Mama Agathe, aliuhesabu unene huo kuwa sifa ya mapishi yake mwenyewe.

Kanisani alikuwa shemasi wa meza ya Bwana. Ndiye aliyebeba kikombe. Na kwa habari ya pombe alikuwa mkali kupita mchungaji. Kijana mmoja fundi seremala, Fidèle, alipoonekana na bia mkononi kwenye harusi ya dada yake, ni Éliézer aliyesimama kutaka atengwe. "Kikombe kimoja njo mulango," alisema, "baba yangu aliingilia hapo." Fidèle akatengwa, na hakurudi tena.

Basi ikatokea Éliézer akaumwa ubavu wa kulia. Akadhani ni mawe ya figo, akaenda kwenye kituo cha afya chenye mashine ya ekografi, ile inayopiga picha ndani ya tumbo kwa sauti. Chumba cha mashine kilitenganishwa na benchi la wagonjwa kwa pazia tu, na benchini, afadhali angekaa mtu mwingine yeyote, alikuwa amekaa Mama Lucie wa kwaya, ambaye mdomo wake Mungu aliuumba bila kufuli.

Dokta Ornella alikuwa mwanamke kijana, mpole, ila sauti yake ilikuwa ya kufundishia darasa. Alimpaka Éliézer mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kile kidude chake, akamgeuzia kioo.

"Mawe haiko, Papa. Ubavu inakuuma sababu ya misuli, labda ulinyanyua kitu. Lakini angalia hapa. Hii njo figo, na hii njo maini. Kwa muntu muzima, rangi yao inakaribiana. Yako, maini inang'aa sana kupita figo. Foie brillant."

Éliézer alitabasamu. Shuleni Kongolo, mapadri walimwita mwanafunzi wa kwanza *brillant*, mwenye akili inayong'aa. Akajibu, "Asante Mungu."

"Hapana, Papa, si ya kushukuru. Kung'aa ni mafuta. Mafuta inaingia ndani ya maini, inarudisha sauti ya mashine kwa nguvu, njo maana tunaona nyeupe. Iking'aa kidogo na mishipa inaonekana vizuri, tunasema grade ya moja. Yako, kuta za mishipa zimeanza kufifia, na diafragme, ule musuli wa kupumulia huku nyuma, haionekani muzuri. Ni grade ya mbili. Kwa grade ya tatu, sauti haifiki tena nyuma, mishipa na diafragme karibu vinapotea." Kisha akauliza lile swali ambalo daktari yeyote angeuliza. "Papa, unakunywaka?"

"Mimi? Hata tone moja."

Nyuma ya pazia, Mama Lucie alikuwa ameshatosheka. Katika mji wetu neno "kunywa" likisimama peke yake halina maana ya maji. Na daktari hawezi kuuliza kitu ambacho hajakiona kwenye mashine. Hivyo ndivyo alivyowaza, na hivyo ndivyo alivyosimulia kabla hata mafuta hayajakauka kwenye tumbo la Éliézer.

Ndani, Dokta Ornella aliendelea kueleza mambo ambayo Mama Lucie hakungoja kuyasikia. Kwamba grade inapima mafuta, haipimi kovu, na kovu ndilo la kuogopa, kwa sababu ndilo linaloweza kufikisha ini kwenye sirosi, yaani ini zima kukakamaa. Kwamba watu wengi wenye mafuta hayo hawafiki huko. Kwamba sasa anahitaji vipimo vya damu: vimeng'enya vya ini, sukari, mafuta, homa ya ini ya B na ya C, na chembe zile za kugandisha damu, ili kwa kuzijumlisha na umri wake wakadirie kama kuna kovu. Iko mashine ya kupima ugumu wa ini, alisema, lakini hapa Kalemie yeye hajaiona.

Jumapili iliyofuata Éliézer alifika kanisani akakuta kikombe kimekabidhiwa mtu mwingine. Mchungaji Apollinaire alimvuta pembeni.

"Papa Éliézer, pumzika kwanza. Watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Eti mashine ilikuta maini ya mulevi. Grade ya mbili. Lisemwalo lipo, Papa. Kama halipo, laja."

Vijana wa kwaya walikuwa wameshapata mchezo. Jeshini, walisema, grade ni cheo, na hutolewa kwa utumishi; Papa Sucré naye katumikia vizuri kwenye chupa, kabakiza moja tu awe jenerali. Sucré ile, walisema, nani aliwahi kuionja? Nani anajua alikuwa akichanganya nini ndani yake? Miaka yote ya kukataa ikageuzwa kuwa miaka ya kuficha. Hilo lilimuuma kuliko ubavu.

Alirudi kwa daktari, majibu ya damu mkononi, akiwa na ombi moja tu.

"Docteur, mwambie mchungaji kama mimi sikunywa."

Dokta Ornella aliyasoma majibu. Homa ya ini hakuna. Sukari imepanda kidogo, bado si kisukari. Hesabu ya kovu iko chini. "Hizi ni habari nzuri," alisema. "Punguza kilo polepole, hata moja kwa kila kumi za uzito wako, na mafuta yatashuka. Tembea. Sucré acha kabisa. Bukari, huo ugali wa kila siku, punguza, mboga ongeza, pombe usiguse. Miezi sita tunarudia damu na picha."

"Na mchungaji?"

Dokta Ornella aliyakunja majibu. "Papa, mimi nakuamini. Vimeng'enya vyako vinaegemea upande wako. Lakini mafuta ya pombe na mafuta ya sukari, ndani ya mashine, yanang'aa sawasawa. Naweza kuandika kama maini iko na mafuta. Yalitoka wapi, picha haisemi. Haiwezi kukuapia."

"Sasa nani ataniapia?"

Alipokuwa akitoka alielewa jambo lingine, na alilielewa kwa hasira. Kile alichokuwa akikiinua mbele ya watu kama ushahidi wa utakatifu wake, ile chupa tamu, ndicho kilichompaka mafuta ya baba yake. Alikuwa amekimbia mlango mmoja akaingilia dirisha la nyumba ileile.

Nyumbani Mama Agathe alimwekea chakula, akakaa bila kula.

"Baba Rubens," alisema, maana mtoto wao wa kwanza aliitwa Rubens, "mimi nilikubali kuolewa na wewe juu ya kile kiapo. Niambie kweli. Unakunywiaka wapi?"

Angeweza kuvumilia kwaya, angeweza kuvumilia kanisa zima. Neno hili lilimvunja. Akamweleza habari ya figo na ini, ya sukari, ya sauti inayorudi. Mama Agathe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sucré? Watoto wote wanakunywa sucré." Na akaenda kulala upande wa ukutani.

Éliézer akatembea. Kila asubuhi alishuka mpaka ziwani na kurudi kwa miguu. Bandarini akaomba maji. Maandazi akayaacha, mawese akapunguza, na tumbo likaanza kurudi nyuma. Siku moja alipita kwenye karakana ya Fidèle, na Fidèle akaweka randa chini.

"Papa Éliézer. Karibu inje ya kanisa."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Éliézer alisimama pale kidogo akiwa na mkuki wake mwenyewe ubavuni, kisha akaendelea na safari.

Miezi sita ilipotimia alirudi kwenye mashine. Dokta Ornella alifurahi kweli. Ini bado linang'aa, lakini kuta za mishipa zilionekana tena, na diafragme ilikuwa wazi. Grade ya moja. Vimeng'enya navyo vimeshuka. "Endelea hivihivi," alisema, "tutaendelea kuyafuata."

Habari hii nayo ilimtangulia kufika kanisani. Mchungaji Apollinaire alikuja nyumbani uso umekunjuka.

"Tunaona mwili wako umepungua, macho yamekuwa meupe. Na mashine imeshuhudia. Umeacha. Jumapili simama, sema tu kama ulikunywa, tukurudishie kikombe."

"Mchungaji, sikunywa."

"Papa, bila kutubu siwezi kukurudisha. Ni wewe mwenyewe uliyetufundisha hivyo kwa Fidèle."

Mama Agathe alikuwa mlangoni. Alimwangalia mumewe kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe.

Jumapili Éliézer alisimama mbele. Alikuwa amepanga maneno yake: atasema kweli yote, sucré kwa jina lake, na awaonye na wengine, maana nusu ya waliokaa pale walikuwa na matumbo kama lile lake la zamani. Akavuta pumzi.

"Ndugu zangu, nilikunywa," alianza. "Kila siku nilikunywa, chupa juu ya chupa, mpaka maini yangu ikajaa mafuta. Na kitu nilikunywa ni..."

Kanisa likalipuka kwa shangwe. Mama Lucie akaanzisha wimbo wa ushindi, ngoma zikafuata, mchungaji akamkumbatia huku akilia. Éliézer alisema "sucré" mara mbili, tatu, lakini kinywa chake tu ndicho kilichoonekana kikicheza. Walimvika mkanda wa shemasi, na kikombe kikawekwa tena mikononi mwake.

Baada ya ibada wamama walikuwa wametayarisha meza ndogo ya furaha. Mama Agathe alikuja na macho yaliyolia, akamshika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya ekografi.

"Asante kwa kusema kweli," alimwambia. "Sasa nitalala."

Kisha akamfungulia chupa ya sucré, nyekundu, ya baridi. "Kunywa, Baba Rubens. Hii haina zambi."

Watu wote walikuwa wakimtazama. Akikataa, watauliza anataka nini badala yake. Éliézer Kyungu akainua chupa, akanywa mpaka chini.